Salam: Kununua Mazao Kabla ya Kuvunwa Bila ya Kuingia Katika Riba

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Vijana wetu wanaosoma sheria na biashara vyuo vikuu huuliza: ikiwa riba ni haramu, mkulima aliyeishiwa fedha kabla ya mavuno apate wapi mtaji? Swali hili lina uzito khasa kwa mfanyabiashara wa Unguja au Pemba anayenunua vitunguu saumu vya Mbulu au ngano ya Hanang, kwani mara nyingi fedha hutolewa wakati mazao yangali shambani. Jawabu la mafakihi ni mkataba unaoitwa salam. Ukifahamu masharti yake, utafahamu pia riba inapoanzia.

Tuanze Madina. Mtume (Rehma na amani ziwe juu yake) alipohamia huko aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla ya kuzipokea. Katika Hadithi ya Ibn Abbas iliyomo katika Bukhari na Muslim, hakuikataza biashara hiyo. Aliifunga kwa mipaka: anayelipa mapema alipie kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana, na muda unaojulikana. Riba nayo ilikatazwa moja kwa moja. Riba ya zama za ujahilia ilikuwa hivi: deni likifika muda wake na mdaiwa hana cha kulipa, anaongezewa muda na deni linaongezwa.

Sasa tazama mikataba miwili. Bei tunazotaja hapa ni za mfano tu. Mkulima wa Mbulu anahitaji shilingi 2,000,000 mwezi wa Mei, na atavuna ifikapo Oktoba.

Katika mkataba wa kwanza, tajiri anampa 2,000,000 ili Oktoba arudishiwe 2,600,000, au vitunguu vyenye thamani hiyo kwa bei ya siku ile. Hii ni riba, hata ikiitwa "biashara ya mazao". Vitunguu vimetajwa tu, lakini kinachodaiwa ni fedha kwa fedha na nyongeza. Bei ipande au ishuke, tajiri ana 600,000 yake.

Katika mkataba wa pili, tajiri ananunua kilo 500 za vitunguu saumu kwa shilingi 4,000 kila kilo, na analipa 2,000,000 zote papo hapo. Oktoba bei ikiwa 6,000, mzigo wake una thamani ya 3,000,000 na amepata faida. Ikiwa 3,000, una thamani ya 1,500,000 na amekula hasara ya 500,000. Hii ni salam. Amenunua bidhaa, na amebeba hatari ya bei ya bidhaa hiyo. Mkulima naye amepata mtaji bila ya kubeba deni la fedha linalokua.

Mafakihi wa karne zilizofuata waliifafanua mipaka ile mitatu, na kila sharti lina sababu yake.

Sharti la kwanza ni kulipa bei yote katika kikao cha mkataba. Imamu Malik aliruhusu kuchelewa siku mbili tatu, lakini Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na wengi visiwani, hakuruhusu. Bei ikiachwa na bidhaa ikiachwa, basi deni limeuzwa kwa deni. Kwa hiyo haisihi tajiri kusema, "Unadaiwa nami 2,000,000 za mbolea ya mwaka jana, sasa ziwe bei ya vitunguu vya mwaka huu." Hapo hapana fedha iliyotolewa, na deni la zamani limegeuzwa tu.

La pili ni kipimo. Kusema "magunia matano" hakutoshi, kwa sababu gunia lenyewe halina uzito mmoja. Sote tunaijua lumbesa, gunia linaloshindiliwa na kushonewa kilemba hadi likapita uzito wa kawaida, na anayepunjwa ni mkulima. Katika salam, gunia la namna hiyo linaubatilisha mkataba kwa kutojulikana kipimo. Andika kilo, na andika sifa pia: ukubwa, ukavu, na daraja ya vitunguu. Taja na mahali pa kukabidhiana, Mbulu mjini au bandarini Unguja, maana gharama ya kusafirisha si ndogo.

La tatu huwashangaza wengi: usinunue kwa salam mazao ya shamba maalumu. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia) ameandika katika Minhaj kwamba salam ya matunda ya kijiji kidogo haisihi, na ya mji mkubwa inasihi kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Kijiji kidogo kinaweza kukosa mavuno kabisa, na mnunuzi akawa amelipia kitu kisichokuwepo. Tarehe 3 Disemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliivamia Katesh na vijiji vya jirani. Aliyenunua mazao ya shamba lililofunikwa siku ile angekuwa ameshika nini? Lakini aliyeandika "vitunguu saumu vya Mbulu vya sifa kadhaa, kilo 500" anadai kitu kilichomo katika dhima ya muuzaji, na muuzaji anaweza kukinunua kwa jirani au sokoni akakikabidhi.

Ndiyo maana Abdullah bin Abi Aufa (Allah amuwie radhi) alieleza kwamba walikuwa wakifanya salam ya ngano na shayiri na wakulima wa Sham, na alipoulizwa kama wakulima hao walikuwa na mashamba, alijibu kwamba hawakuwa wakiwauliza. Na kwa kuwa wakulima wengi wa Mbulu na Hanang si Waislamu, tuongeze hili: katika madhehebu ya Kishafii, kinachoharimishwa baina ya Waislamu katika biashara kinaharimishwa pia Mwislamu anapoamiliana na asiyekuwa Mwislamu.

Imebaki Oktoba yenyewe, kwani hapo ndipo riba hurudi kwa mlango wa nyuma. Mkulima amekosa vitunguu, na sokoni havipo. Mnunuzi ana hiari mbili tu: asubiri mpaka vipatikane, au auvunje mkataba na arudishiwe 2,000,000 zake, bila ya kuzidi hata shilingi moja. Akisema, "Nipe 3,000,000, ndiyo bei ya sokoni leo," amebadilisha bidhaa kwa fedha kabla ya kuipokea, na Mashafii hawaruhusu. Matokeo yake ni 2,000,000 iliyozaa 3,000,000. Akisema, "Nitakusubiri mwezi, lakini uongeze kilo 50," basi hiyo ndiyo riba ya ujahilia kwa sura yake ileile, japo inahesabiwa kwa vitunguu. Wala asiuze mzigo huo kwa mwengine kabla hajaupokea.

Basi ukiletewa karatasi ya mkataba wa mazao, uliza maswali mawili. Je, bei imelipwa yote leo? Na mambo yakiharibika, mnunuzi atarudishiwa zaidi ya alichotoa? Ikiwa jawabu la pili ni ndiyo, jina la mkataba haliwezi kuusafisha.

Wallahu Aalam.