Shiti za simenti na vumbi lake

Ukitoka kwenye bati ukaenda kwenye shiti za simenti yenye nyuzi, kwanza utashangazwa na uzito. Chukua paa la mita za mraba 60. Bati la geji 28 huwa na takriban kilo 4 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo paa zima ni kama kilo 240. Shiti za simenti zenye mawimbi, unene wa milimita 6, hufika kilo 16 hivi kwa mita. Hapo una karibu tani nzima juu ya ukuta. Kenchi zilizopigwa kwa ajili ya bati hazifai kubebeshwa mzigo huo kabla fundi hajazikagua.

Faida zipo. Mvua haipigi kelele kama kwenye bati, joto la mchana hupungua, na shiti haili kutu. Lakini bati ukilikanyaga vibaya hubonyea, shiti ya simenti huvunjika ghafla, na aliye juu yake huanguka nayo. Basi usiikanyage kamwe: laza mbao pana zinazovuka papi, utembee juu yake. Msumari nao usipigwe moja kwa moja. Toboa kwanza tundu pana kidogo kuliko skrubu, kwenye mgongo wa wimbi, na usikaze mpaka shiti ilie.

Kukata hakuepukiki, kwa sababu pale shiti nne zinapokutana, unene wa nne hautalala vizuri. Mafundi hukata pembe za shiti mbili kati ya hizo kwa mshazari. Wengi hushika grainda wakiwa juu ya paa, na hilo ndilo linalonisikitisha. Diski hugeuza simenti na mchanga kuwa vumbi la silika. Chembe zake zinazodhuru zaidi hazionekani, hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu na kuyaachia makovu yasiyopona. Kikohozi huweza kuja miaka mingi baadaye.

Pima pembe zote na uzikate chini, nje ya nyumba, kabla ya kupandisha shiti. Lowesha mstari wa kukatia, tumia msumeno wa mkono polepole, na uendelee kumwagia maji. Unga wake hutoka mzito, ukianguka karibu na miguu. Vaa barakoa ya FFP2 au N95 iliyobana uso. Kitambaa hakizuii chembe hizo, na ndevu huacha upenyo. Ukimaliza, usifagie pakavu. Lowesha, kisha zoa kwa koleo.

Haya yote ni ya shiti mpya. Za zamani zinaweza kuwa na asbesto, ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kama paa ni la zamani na huna uthibitisho wa maabara, usikate, usitoboe, wala usilisugue kwa brashi ya waya.