Asilimia 25 ya nini?

Faida ya duka hupimwa kwa njia mbili, na mkanganyiko huanza pale zote zinapotajwa kwa asilimia. Faida ikilinganishwa na bei ya kununulia huitwa nyongeza. Ikilinganishwa na bei ya kuuzia huitwa fungu la faida. Shilingi ni zilezile, ila kinachogawanya si kimoja.

Tuchukue mche wa sabuni. Katoni ya miche 10 imenunuliwa kwa muuzaji wa jumla kwa shilingi 28,000, na bodaboda aliyeileta dukani amelipwa 2,000. Nauli hiyo ni sehemu ya gharama ya mzigo, ingawa wengi huisahau, kwa hiyo kila mche umemfikia mwenye duka kwa 3,000 na si 2,800.

Akitaka “asilimia 25”, kwa kawaida huchukua robo ya 3,000, yaani 750, akauza mche kwa 3,750. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 25. Lakini katika 3,750 inayoingia kwenye droo, faida ni 750 tu, yaani asilimia 20. Kama alikusudia robo ya kila shilingi ya mauzo ibaki kuwa faida, gharama inapaswa kuwa robo tatu za bei. Hapo 3,000 hugawanywa kwa 0.75, na bei inakuwa 4,000. Kosa la kawaida ni kuzidisha mahali pa kugawanya.

Tofauti hiyo ya shilingi 250 huonekana mwisho wa mwezi, maana pango, umeme na mshahara wa msaidizi hulipwa kutoka kwenye mauzo. Tuseme duka limeuza bidhaa za shilingi 3,000,000, zote kwa nyongeza ya asilimia 25, na matumizi ni 660,000. Mwenye duka anayepiga robo ya mauzo anategemea faida ya 750,000, abakiwe na 90,000. Faida halisi ni 600,000, hivyo amepungukiwa 60,000. Hakuna aliyeiba, hesabu ndiyo iliyomdanganya, na inasikitisha kwamba mara nyingi wa kwanza kushukiwa ni msaidizi.

Punguzo nalo huhesabiwa kutoka bei ya kuuzia. Mteja akipunguziwa asilimia 25 ya 3,750, analipa takriban 2,810, chini ya gharama. Kwa bei hiyo, punguzo la asilimia 20 tayari limemaliza faida yote.

Bei ya 4,000 nayo haiwezekani kila mahali. Jirani akiuza mche uleule kwa 3,800, wateja watahamia kwake. Mwenye duka anaweza kuuacha mche kwenye 3,750 na kutafuta fungu kubwa zaidi kwenye bidhaa ambazo bei zake wateja hawazikariri, kama vile viberiti, sindano au betri za tochi.