Sauti Haina Alama za Vidole

Sema "hujambo" mara mbili mfululizo na ujirekodi kwenye simu. Hata ukijitahidi vipi, ya pili haitalingana kabisa na ya kwanza. Ukiwa na mafua, ukifoka, au ukiamshwa usiku wa manane, tofauti inakuwa kubwa zaidi. Mistari ya kidole haiugui mafua.

Hilo halikumzuia Lawrence Kersta, mtafiti wa maabara za Bell nchini Marekani. Mwaka 1962 aliandika katika jarida la Nature kwamba picha za mawimbi ya sauti zinaweza kumtambulisha msemaji, na akazipa jina la kuigiza alama za vidole. Jina lilivutia, na baadhi ya mahakama zikaupokea ushahidi huo. Mwaka 1979 jopo la wanasayansi wa Marekani lilipochunguza mbinu hiyo lilikuta misingi yake haijathibitishwa vya kutosha. Jina, kwa bahati mbaya, bado linatembea.

Wataalamu makini siku hizi hawasemi "ni yeye". Wanauliza maswali mawili. Kama mshukiwa ndiye aliyepiga simu, kuna uwezekano gani wa kukuta ufanano huu? Na kama aliyepiga ni mtu mwingine, uwezekano huo ni upi? La kwanza hugawanywa kwa la pili, na jibu ndilo uwiano wa uwezekano.

Tuchukue mfano wa kubuni: simu ya vitisho. Tuseme ufanano uliopatikana ungetarajiwa mara 80 kwa 100 iwapo msemaji ni mshukiwa, na mara 4 kwa 100 iwapo ni mwanamume mwingine wa lahaja hiyohiyo. Themanini kwa nne ni 20. Maana yake ushahidi unatarajiwa mara 20 zaidi msemaji akiwa mshukiwa. Haina maana kwamba kuna nafasi 20 kwa moja kuwa ni yeye, na hapa ndipo hata mawakili hujikwaa. Kama wanaume 2,000 wangeweza kupiga simu ile, na hakuna ushahidi mwingine, nafasi ya mshukiwa inafikia kama moja kwa 100 tu. Kama ni wanaume watatu tu waliokuwa na simu ile, inapanda hadi kama 91 kwa 100. Sauti ni ileile. Kilichobadilika ni mazingira ya kesi, na hayo ni ya hakimu kupima.

Ile 4 nayo hutegemea sauti za kulinganishia. Sauti ya Mmakunduchi ikipimwa dhidi ya za watu wa bara, itaonekana adimu kuliko ilivyo kwao. Simu za kawaida nazo hukata mitetemo iliyo juu ya takriban 3,400 kwa sekunde, hivyo "s" na "f" hukaribia kufanana.

Wala hakuna aliyewahi kupima sauti za watu wote duniani. Kwa hiyo mtaalamu akitamka mahakamani kwamba sauti hii haiwezi kuwa ya mwingine, aulizwe swali moja: umeilinganisha na sauti za nani?