Nusu dakika mbele ya mwajiri: mama, msaidie mtoto kujiandaa

Juma hili tunataka kuzungumza juu ya jambo moja dogo linalowapata watoto wetu wanaomaliza masomo ya juu hapa Bunia. Siku moja mama wa kikundi chetu alituambia namna binti yake alivyorudi nyumbani kutoka siku ya ajira akiwa kimya. Alikuwa amesimama kwenye mstari zaidi ya saa moja. Alipofika kwenye meza alisema jina lake, jina la baba yake, kijiji chao, shule ya msingi, shule ya sekondari, na alipokuwa akikaribia kufika kwenye masomo yake ya sasa, yule bwana akamwambia, “Asante, acha karatasi yako hapa.” Basi, ikaishia hapo. Mama huyo alikuwa amelipa minerval ya miaka yote kwa biashara ya unga na kwa likelemba. Alituuliza, “Je, mtoto wangu alikosea wapi?”

Tulikaa pamoja tukahesabu, na hesabu hiyo ndiyo ilitufungua macho. Tuseme mwajiri anakaa kwenye meza yake saa 6, na wanafunzi 300 wanapita mbele yake. Saa 6 ni dakika 360, ni kusema sekunde 21,600. Ukigawanya kwa 300, kila mwanafunzi anapata sekunde 72. Ndani ya sekunde hizo kuna kusogea, kusalimiana, kutoa karatasi ya sive, na mwajiri kuandika neno lake kabla ya kumwita anayefuata. Kinachobaki kwa mtoto kusema kitu chake mwenyewe ni karibu nusu dakika. Yule binti alitumia nusu dakika yake kwa kijiji na shule ya msingi.

Tena ni lazima kujua mwajiri anafanya nini siku ile. Mara nyingi haajiri mtu pale pale. Anapanga karatasi: hawa tutawaita, hawa tutaangalia tena, hawa hapana. Jioni atakuwa na karatasi 300 zinazofanana, na nyuso zimechanganyika kichwani mwake. Kitakachomkumbusha ni maneno machache aliyoandika pembeni ya sive. Kwa hiyo kazi ya nusu dakika ni kumpa mwajiri neno moja la kuandika pale pembeni. Maisha yote ya mtoto yako tayari ndani ya sive yenyewe.

Sisi walimu tuna sababu ya kuamini kwamba nusu dakika si kitu cha kudharau. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Nalini Ambady na Robert Rosenthal, waliwaonyesha watu video fupi za walimu wakifundisha. Kila mwalimu alikuwa na vipande 3 vya sekunde 10, bila sauti. Maoni ya watu hao yalikaribiana na maoni ya wanafunzi waliosoma na walimu wale muhula mzima. Utafiti ule ulipima sura tu ambayo mtu anaiacha kwa wengine. Haukupima ujuzi wake. Lakini kwetu unaonyesha kwamba uso, mikono na namna ya kusimama vinaanza kusema kabla ya mdomo. Mtoto anayeangalia chini na kushika sive yake kwa mikono miwili kama ngao amekwisha kusema kitu.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe. Yanapangwa kwa sehemu nne. Ya kwanza: mimi ni nani sasa, yaani jina na masomo ninayomaliza. Ya pili: kitu kimoja nilichofanya kwa mikono yangu, chenye hesabu. Ya tatu: kwa nini nimekuja kwenye meza hii na si nyingine. Ya nne: swali moja dogo ambalo mwajiri anaweza kulijibu pale pale. Sehemu ya pili ndiyo inachukua muda mrefu zaidi, kwani ndiyo itakayoandikwa pembeni ya karatasi.

Tuwape mfano wa yule binti, maana tulifanya kazi naye jioni tatu. Anamaliza agronomia. Maneno yake ya kwanza yalikuwa haya: “Mimi ni mtu wa bidii, ninapenda kazi, ninajifunza upesi, na ninaweza kufanya kazi yoyote mtakayonipa.” Tulimwomba mama yake, aliyekuwa akichambua maharagwe pembeni, arudilie alichosikia. Mama akasema, “Nimesikia unapenda kazi.” Tukamwuliza binti ni wangapi kwenye ule mstari walioweza kusema vile vile. Akacheka, akasema wote.

Ndipo tukamwuliza alifanya nini kwenye staji. Akasema ilikuwa staji ya miezi 3 upande wa Mambasa, kwenye ghala la kakao. Kazi yake ilikuwa kukata mbegu kavu kwa kisu na kuangalia rangi ya ndani. Mbegu iliyochachuka vizuri ni ya kahawia ndani. Ile ambayo haikuchachuka vizuri inabaki ya zambarau, na inafanya chokoleti chungu. Mbegu za pembeni ya sanduku hazipati joto kama za katikati, kwa hiyo ni lazima kugeuza sanduku ili zichanganyike na kupata hewa. Mwanzoni, kwenye mbegu 100 alizokata, 31 zilikuwa za zambarau. Baada ya kupanga upya siku za kugeuza, zilibaki 12. Jambo hili lote alikuwa nalo kichwani, na kwenye meza hakusema hata neno moja.

Aliandika tena: “Nilipunguza mbegu mbaya kutoka 31 hadi 12.” Mama yake akasimamisha mkono kwenye sahani ya maharagwe. “Binti yangu, ulifanya wewe peke yako?” Akajibu, “Hapana, mama. Mkubwa wa ghala ndiye aliyebadilisha siku. Mimi nilikata, nikahesabu, nikamwonyesha daftari.” Swali hilo la mama ni lile lile ambalo mwajiri mwenye akili anauliza: wewe mwenyewe ulifanya nini? Anayejipa kazi ya mwingine anaanguka kwenye swali hilo, na hata yale ya kweli aliyosema yanaharibika.

Mwishowe maneno yake yalikuwa hivi, baada ya salamu na jina:

“Ninamaliza agronomia hapa Bunia. Kwenye staji ya kakao, upande wa Mambasa, nilikuwa nikikata mbegu na kuandika rangi kila juma. Niliona kwamba 31 kwa 100 hazikuchachuka vizuri. Nilimwonyesha mkubwa wa ghala, akabadilisha siku za kugeuza masanduku, zikabaki 12. Nimekuja kwenu kwa sababu mnanunua kakao kwa wakulima. Kwenu, ni nani anayepima ubora, na ninaweza kumwandikia?”

Hayo ni maneno karibu 50. Kwa Kiswahili, maneno 50 hadi 60 yanajaza nusu dakika kwa mtu anayesema polepole. Pimeni kwa saa ya simu. Yakipita sekunde 35, mtoto asikimbize mdomo, akate sentensi. Mama yake aliposikia haya mara moja tu, alirudilia: “Ni yule wa kukata mbegu za kakao, walikuwa 31 wakabaki 12.” Hapo tukajua imefika, kwani mama huyo hajasoma agronomia hata siku moja. Kama yeye ameshika, mwajiri aliyechoka saa tisa mchana atashika pia.

Kuna mambo matatu tuliyoona yanaharibu kazi hii. La kwanza ni kukariri kama shairi la darasani. Mwajiri akikata maneno katikati na kuuliza, “Mambasa wapi?”, mtoto aliyekariri anarudi mwanzo au ananyamaza. Ashike sehemu nne tu, si kila neno. Nyumbani mkateni kwa makusudi, kila mara mahali tofauti, mpaka ajue kujibu na kuendelea.

La pili ni lugha. Meza nyingi hapa kwetu zitamsalimia kwa Kifaransa. Asitafsiri neno kwa neno usiku wa mwisho. Aandae ya Kifaransa peke yake, na ya Kiswahili peke yake, kisha ajibu kwa lugha aliyosalimiwa nayo.

La tatu ni kusema maneno yale yale kila mahali. Sehemu ya kwanza na ya pili zinaweza kubaki, lakini ya tatu na ya nne ni lazima zibadilike kwa kila meza. Kwa hiyo achague meza 4 au 5 mbele ya siku ile, aulize kila moja inafanya kazi gani, na aandike sentensi moja kwa kila meza. Hilo ni bora kuliko kusimama kwenye mistari 15.

Wengine mtatuambia, “Mtoto wangu hakupata staji, barabara ilikuwa mbaya.” Tunaelewa. Basi tafuteni kitu alichofanya chenye hesabu. Binti mwingine wa kwetu anasoma komersi na hakufanya staji popote. Lakini aliandika daftari la likelemba ya wamama 15, kila juma, miezi 10, na siku ya mwisho pesa na daftari vilikubaliana. Mwajiri wa kazi ya hesabu anaelewa jambo hilo upesi, na anaweza kuliulizia.

Kwa mabinti tunaongeza neno moja la mama. Akipewa namba ya simu, aandike pia jina la mtu, kazi yake na mahali ofisi ilipo. Kazi ya kweli hainunuliwi kwa pesa, na mazungumzo ya kazi yanafanyika ofisini mchana. Mtu akimwambia wakutane hotelini jioni, au alipe franga za “kufungua dosiye”, arudi nyumbani. Na asione kwamba amepoteza bahati.

Nusu dakika haiwezi kumpa mtoto kazi. Inaweza tu kuitoa karatasi yake kwenye rundo kubwa na kuiweka kwenye lile dogo. Yule binti alirudi kwenye siku nyingine ya ajira. Alisimama kwenye meza 4. Kwenye meza 2 walimwambia asante, aache karatasi. Kwenye ya tatu walimwuliza maswali mpaka waliokuwa nyuma yake wakanung'unika. Kwenye ya nne, mama mmoja wa kampuni aliandika pembeni ya sive yake, naye binti akachungulia. Kulikuwa na maneno mawili tu: “kakao, 12”.

Bado anangoja simu. Wakati anangoja, anamsaidia mdogo wake kuandaa ya kwake. Na mama yake, akichambua maharagwe, ndiye anayesikiliza na kurudilia.