Mdomo Uliopinda na Ushahidi wa Paji la Uso

Katika Bagamoyo, kama katika miji mingine ya mwambao huu, mtu akiamka asubuhi mdomo wake umekwenda upande, nyumba hujaa watu kabla ya tabibu kuitwa, na kila aingiaye huja na hukumu yake: huyu husema mgonjwa amezabwa kofi na jini, yule husema alilala dirisha wazi upepo ukampiga, na wa tatu, ambaye aghalabu ndiye mwenye sauti ya chini kuliko wote, hutaja kiharusi. Hukumu hii ya tatu ndiyo nitakayoishughulikia, kwa kuwa yaweza kuwa kweli na yaweza isiwe. Na mara nyingi tofauti huwa imeandikwa juu ya paji la uso, mahali ambapo hapana atazamaye kwa kuwa macho ya watu wote yameshikwa na mdomo.

Maradhi yanayodhaniwa kuwa kiharusi kuliko mengine yote ni kupooza kwa neva ya uso, ambako matabibu wa dunia wamekupa jina la Charles Bell, mpasuaji Mskoti aliyeieleza neva hiyo mjini London mwaka 1821. Hata hivyo insafu yatudai kusema kwamba takriban miaka 900 kabla yake Abu Bakr al-Razi, tabibu wa mji wa Rayy, alikwisha kuieleza lakwa, yaani kupinda uso, katika kitabu chake kikubwa Al-Hawi, akautenga ulegevu utokao katika ubongo na ule utokao katika neva yenyewe.

Ili tofauti hiyo ieleweke, yafaa kujua kwamba amri ya kusogeza kiungo chochote cha mwili hupita katika seli mbili za fahamu zinazofuatana. Ya kwanza, iitwayo seli ya juu, ina kichwa chake katika gamba la ubongo, na mkia wake mrefu hushuka hata kuifikia ya pili. Na ya pili, iitwayo seli ya chini, huanza katika shina la ubongo au katika uti wa mgongo, ikatoka nje ya mfupa na kuishia ndani ya msuli. Kwa uso, seli za chini zimekusanyika katika viini viwili vidogo ndani ya shina la ubongo, kimoja kila upande, na mikia yao ndiyo neva ya uso, ya saba katika neva 12 za kichwa. Neva hii hupenya katika mfereji wa mfupa karibu na sikio, wenye urefu wa sentimita 3 hivi, na mahali pembamba kuliko pote upana wa mfereji huo haufiki milimita 1. Neva ikivimba humo haina pa kupanukia, hubanwa na mfupa, na amri haipiti tena. Huo ndio ugonjwa wa Bell. Kiharusi ni jambo jingine kabisa, maana huko ni sehemu ya ubongo iliyokosa damu, au iliyomwagikiwa na damu, na aghalabu kinachoharibika ni seli ya juu, ilhali neva ya uso ni nzima haina kasoro.

Sasa, kila kiini cha neva ya uso kina sehemu mbili ambazo hazipokei amri kwa namna moja. Ile itawalayo mdomo na sehemu ya chini ya shavu hutegemea zaidi nusu moja tu ya ubongo, nayo ni nusu ya upande wa pili, na ile itawalayo nyusi na paji hupokea amri kutoka nusu zote mbili. Paji la uso ni jahazi lililofungwa kwa kamba mbili, ambalo moja ikikatika halichukuliwi na maji, na mdomo ni ngalawa yenye kamba moja. Kwa hiyo kiharusi kilichoharibu nusu moja ya ubongo huulegeza mdomo na kuliacha paji likikunjamana kama kawaida, bali neva yenyewe ikibanwa mfupani, amri za kulia na za kushoto hukwama mahali pamoja, na nusu nzima ya uso, tangu nywele hata kidevu, hulala.

Tofauti hiyo ya seli ya juu na ya chini haihusu uso peke yake. Mkono uliopoozwa na kiharusi, baada ya siku au majuma, hukakamaa na kujikunja, na tabibu akigonga kano yake kwa nyundo ndogo huruka kupita kiasi. Na unyayo wa upande huo ukikwaruzwa, kidole gumba huinuka juu badala ya kuinama, alama aliyoieleza Joseph Babinski mjini Paris mwaka 1896. Mguu uliopoozwa na polio, ambayo huua seli za chini ndani ya uti wa mgongo, huenda kinyume chake: hulegea, hukonda, wala haujibu nyundo. Kupoteza seli ya juu ni kupoteza utawala, na msuli hubaki na nguvu zisizo na adabu, na kupoteza seli ya chini ni msuli wenyewe kuachwa yatima.

Natunga hapa wagonjwa wawili, wasio watu halisi, ila mambo yao ni ya kila siku katika zahanati zetu. Wa kwanza ni mshonaji wa Magomeni, mwenye umri wa miaka 34. Ijumaa jioni alisikia maumivu nyuma ya sikio la kushoto. Jumamosi asubuhi chai ilimtoka pembeni mwa mdomo. Na kufikia magharibi jicho la kushoto halikufumba tena, bali alipojaribu kulifumba mboni ilipanda juu na weupe ukabaki wazi. Ulimi wake, upande huo, hauonji chumvi sawasawa, na adhana ya kipaza sauti, aliyoizoea tangu utotoni, inamuumiza sikio. Mambo hayo mawili ya mwisho huwashangaza watu, nayo ni ushahidi mzuri, kwa sababu ndani ya ule mfereji wa mfupa neva hii hutoa tawi la kuonjea na tawi la msuli mdogo unaopunguza kishindo cha sauti. Kwa hiyo yanapoharibika pamoja na uso, tunajua kwamba neva imeshikwa mfupani. Aambiwapo apandishe nyusi, upande wa kulia hukunjamana na wa kushoto hubaki laini kama wa mtoto. Mikono, miguu na akili yake ni salama, na neno likimponyoka ni kwa sababu ya mdomo tu.

Wa pili ni mzee wa Kaole, wa miaka 67, mwenye shinikizo la damu la miaka mingi, aliyeacha vidonge vyake alipojiona hajambo. Alitoka msikitini baada ya sala ya alfajiri akiwa mzima, na kabla hajafika nyumbani maneno yake yakawa mazito, mdomo ukalegea upande wa kulia, na fimbo ikamponyoka mkono wa kulia. Akiambiwa apandishe nyusi, makunyanzi hutokea pande zote mbili. Macho yake yote mawili hufumba. Akinyosha mikono mbele, wa kulia huteremka polepole pasipo yeye kujua. Na mjukuu akimfanyia mzaha akacheka, mdomo ule uliokataa kutii amri husogea vizuri zaidi, maana kicheko kina njia yake nyingine ndani ya ubongo. Mzee huyu ana kiharusi cha nusu ya kushoto ya ubongo, na kila dakika ina thamani.

Hapa yafaa kusahihisha kosa moja la watazamaji: mdomo huvutwa kwenda upande mzima, si upande mgonjwa. Nimeona jamaa wakisugua mafuta kwa bidii shavu lisilo na kosa lolote.

Lakini ushahidi wa paji la uso si hukumu ya mwisho, wala sipendi kuusikia ukitajwa kama kwamba unatosha. Hutuonyesha mahali palipoharibika, hautuambii kilichoharibu. Kiharusi cha shina la ubongo, kikipiga pale pale kwenye kiini cha neva ya saba, hulaza uso mzima pamoja na paji, sawasawa na ugonjwa wa Bell, ila mgonjwa huona vitu viwili viwili, au huyumba, au mkono na mguu wa upande wa pili hulegea. Ugonjwa wa Bell nao, katika saa zake za kwanza, huweza kuwa nusu tu, paji likasogea kidogo. Malengelenge ndani ya sikio ni mkanda wa jeshi uliovamia neva. Uso unaolegea kidogo kidogo kwa majuma mengi humfanya tabibu atafute uvimbe. Na katika nchi zetu kijana aliyepooza uso hupimwa VVU, kwa kuwa virusi hivyo huandamana na ulegevu huu.

Mshonaji wetu, akishapimwa sukari na shinikizo la damu, hupewa prednisoloni, kwa kawaida miligramu 50 kwa siku kwa siku 10, na faida yake ni kubwa ianzapo ndani ya saa 72. Pasipo dawa, takriban watu 7 katika kila 10 hupona kabisa. Katika uchunguzi uliofanywa Uskoti na kutangazwa mwaka 2007, baada ya miezi 9 uso ulikuwa umerudi sawa kwa watu 94 katika kila 100 waliopata dawa hiyo, na kwa 82 katika kila 100 wasioipata. Hata hivyo hatari iliyo karibu ni ya jicho, ambalo haliwezi kujilowesha na hukwaruzwa na vumbi la njia na mchanga wa pwani: linataka matone mchana, mafuta ya macho usiku, na kope kubandikwa kwa utepe wakati wa kulala.

Kuhusu mzee wa Kaole, uchunguzi wa miaka 2003 hadi 2006 uliofanywa Dar es Salaam na wilaya ya Hai ulionyesha viharusi vipya 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000 mjini, na 109 huko Hai, hesabu zikiwa zimesawazishwa kwa umri. Na watafiti waliowahoji watu wa sehemu hizo mbili waliona kwamba ni mjini, si shamba, ambako majini na uchawi vilitajwa zaidi kuwa sababu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, palipo nayo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya picha ya ubongo kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyomwagika, na kutoka Bagamoyo hata Muhimbili ni kilomita 70 hivi zenye foleni.

Basi, ndugu msomaji, ukiona mdomo umepinda, usingoje kuwa na yakini: mwambie mgonjwa apandishe nyusi, afumbe macho, anyoshe mikono, aseme jina lake, kisha umpeleke hospitali saa hiyo hiyo, paji likisogea au lisisogee. Usimpe chakula, wala maji, wala aspirini, wala kidonge cha shinikizo cha jirani. Andika katika karatasi saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho, uchukue na dawa zake zote. Hayo ndiyo tabibu atakayoyauliza kwanza.