Anayetaja bei ya kwanza mnadani

Mfugaji wa Gitting anaposhuka na maksai wake hadi mnada wa Katesh, namba ya kwanza kutamkwa huwa na nguvu kubwa kuliko anavyodhani. Mnunuzi humzunguka mnyama, humpapasa mgongo, kisha husema: "Laki tano na nusu." Mwenye maksai alitoka nyumbani na laki tisa kichwani. Atakataa, lakini kuanzia hapo mazungumzo yote yatazunguka ile laki tano na nusu.

Wataalamu wa tabia za wanunuzi huiita bei ya namna hii nanga. Mwaka 1974 Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio ambalo watu walizungushiwa gurudumu la namba, kisha wakaulizwa ni asilimia ngapi ya nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ni za Afrika. Kwa walioangukiwa na 10, kisio la katikati lilikuwa 25. Kwa walioangukiwa na 65, lilikuwa 45. Namba ya gurudumu haikuhusiana kabisa na swali, na bado ilivuta majibu.

Mnadani mvuto huo una njia yake. Ukisikia bei ya chini, akili huanza kuitafutia sababu: kweli mbavu zinaonekana, kweli amechoka na safari. Ukianza wewe na bei ya juu, ni mnunuzi anayeanza kuona nyama ya paja na upana wa kifua. Mnyama ni yuleyule, lakini kila bei huonyesha upande wake. Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa kumwacha mwenzako ataje bei kwanza. Unafaa kwa asiyejua thamani ya alichonacho. Anayeijua hupoteza kwa kunyamaza.

Adam Galinsky na Thomas Mussweiler walichunguza jambo hili katika majadiliano ya bei, wakachapisha matokeo yao mwaka 2001. Aliyetaja bei kwanza kwa kawaida alipata zaidi. Faida hiyo ilitoweka pale upande wa pili ulipofikiria mwisho ambao aliyetaja bei angeweza kufika, au ulipoweka akilini lengo lake wenyewe.

Mwisho wa mnunuzi unaweza kukisiwa kwa hesabu. Tuseme maksai ana kilo 250 akiwa hai. Nyama na mifupa inayofika buchani ni karibu nusu, yaani kilo 125. Kama kilo inauzwa 8,000, hiyo ni milioni moja. Toa ushuru, usafiri, uchinjaji na faida ya mchuuzi, tuseme 150,000 kwa jumla; inabaki 850,000. Ngozi, kichwa, miguu na utumbo bado havijahesabiwa. Mwenye maksai akijua hivyo, laki tano na nusu inabaki kuwa maneno tu, na laki tisa yake, ingawa iko juu kidogo, si ndoto. Anaweza kufungua na milioni moja na elfu hamsini na kuitetea kwa kilo. Akifungua na milioni mbili, mnunuzi ataenda kwa ng'ombe mwingine.

Hapa ndipo nanga inapojulikana. Mwombe aliyetaja bei aeleze hesabu yake. Anayesema "nyama imeshuka buchani" amekupa habari unayoweza kuithibitisha kwa simu moja. Anayerudia "hiyo ndiyo bei ya leo" bila kutaja kilo hajakupa chochote.

Mbinu mbili nyingine zinazosifiwa sana mijini hazina makali hayo Gitting. Bei inayoishia na tisa hufanya kazi: katika jaribio la Eric Anderson na Duncan Simester la mwaka 2003 huko Marekani, gauni la dola 39 liliuzwa zaidi kuliko lilipowekwa dola 34. Lakini inahitaji bei iliyoandikwa na chenji ya kurudisha. Dukani kijijini bei ni jero au buku, na kinachopungua ni kipimo. Macho yawe kwenye mizani. Chaguo la chambo, lile linalowekwa ili jingine lionekane nafuu, nalo linahitaji bei zilizopangwa pamoja kwa namba, kama vifurushi vya simu. Hata huko, Shane Frederick na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba hudhoofika sana mtu anapoona au kuonja bidhaa yenyewe. Ng'ombe huonekana na kushikwa.

Kuna hali ambayo hesabu ya kilo haitoshi. Ada ya shule ikidaiwa kesho, au malisho yakiwa yamekauka, mnunuzi hahitaji nanga yoyote. Anasubiri jioni, ukiwa huna tena wa kumuuzia. Kwa muuzaji huyo, mnunuzi wa pili aliyepigiwa simu kabla maksai hajatoka zizini ana thamani zaidi kuliko bei yoyote ya kufungulia.