Kiboksi cha Jicho: Kwa Nini Kamera Humpoteza Mtu au Mnyama

Picha ya sura ya mtu ikitoka na sikio kali na jicho lenye ukungu, hakuna atakayeitaka. Ndiyo maana kamera nyingi za siku hizi, zile zisizo na kioo cha kupinda picha ndani, hutafuta jicho zenyewe, huliwekea kiboksi kidogo kwenye skrini, na kukifuata kiboksi hicho jinsi mtu anavyosogea. Mwaka 2019 kampuni ya Sony ilitoa programu iliyoziwezesha baadhi ya kamera zake, ikiwemo A7 III, kutafuta hata macho ya wanyama, na wenzao hawakukawia kufuata. Lakini wapiga picha wengi wa harusi wanalalamika kwamba kiboksi hicho kinaruka ovyo: mara kipo kwa bibi harusi, mara kwa mshereheshaji, mara hakipo kabisa.

Ili kuelewa kinachotokea, ni lazima ujue kwamba ndani ya kamera kuna kazi mbili zinazofuatana. Ya kwanza ni kutambua. Programu iliyofunzwa kwa picha nyingi sana inaikagua picha inayoingia na kutafuta umbo la mtu, kisha kichwa, kisha uso, kisha jicho. Kazi ya pili ni kupima. Sensa inalinganisha mwanga uliopita upande mmoja wa lenzi na ule uliopita upande wa pili. Picha hizo mbili zisipolingana, kamera inajua vioo vya lenzi visogezwe mbele au nyuma, na kwa kiasi gani. Kazi ya kutambua inasema wapi, ya kupima inasema umbali gani, na kila moja ina namna yake ya kushindwa.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha chochote kwenye menyu, angalia kiboksi kilikuwa wapi. Kama kilikuwa kwenye pua ya mtu mwingine, kazi ya kutambua ndiyo iliyoshindwa. Kama kilikaa juu ya jicho lenyewe na bado picha ina ukungu, tatizo liko kwenye kupima, kwenye mwendo wa mtu, au hata kwenye hewa iliyo kati yenu. Wengi hubadilisha mipangilio yote kwa mkupuo na kujikuta hawajui kilichosaidia ni kipi.

Tuichukue kamera moja, Sony A7 IV ya mwaka 2021. Kamera nyingine zina majina tofauti kwenye menyu, ila mantiki ni ile ile. Weka kwanza `Focus Mode` kwenye `AF-C`, yaani kamera iendelee kupima muda wote ulioshikilia kitufe nusu. Ukiiacha kwenye `AF-S` itapima mara moja na kutulia. Mtu anayetembea taratibu kuja kwako, kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, anasogea sentimita 10 ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kipimo cha mwanzo kinakuwa kimepitwa.

Kisha ingia `AF/MF`, ufungue `Face/Eye AF`. Humo `Face/Eye Prior. in AF` iwe `On`, na `Face/Eye Subject` iwe `Human` kwa watu. Washa pia `Face/Eye Frame Disp.`, kwa sababu bila kuona kiboksi huwezi kujua kamera inafikiria nini. Uchaguzi wa jicho la kulia au la kushoto uache kwenye `Auto`. Kamera kwa kawaida huchukua lililo karibu nayo, na hilo ndilo tunalolitaka karibu kila mara.

Kinachobaki ni eneo la kutafutia, na hapa ndipo harusi nyingi zinapoharibikia. Fikiria bibi harusi anaingia ukumbini. Mbele yake yupo mpiga video anayerudi kinyumenyume, pembeni wapambe wawili, nyuma yake meza zimejaa wageni. Ukiwa umeweka `Focus Area` kwenye `Wide`, umeiambia kamera ichague uso wowote katika picha nzima, nayo hupendelea ulio mkubwa au ulio karibu. Mpiga video akigeuka, uso wake ndio mkubwa kuliko zote, na kamera inahamia kwake. Hapo imetii ilichoambiwa.

Chagua badala yake `Tracking: Expand Spot`. Unaweka alama ndogo juu ya uso wa bibi harusi, unabonyeza kitufe nusu, na kuanzia hapo kamera inamfuata huyo uliyemteua. Akiwa anakutazama inashika jicho. Akiinama inashika uso au kichwa. Akiinua uso inarudi kwenye jicho. Kisha shusha `AF Tracking Sensitivity` kutoka 3 hadi 2, au hata 1. Namba ndogo maana yake kamera isiwe na haraka ya kuhama mtu mwingine anapokatiza mbele. Namba hiyo ikikaa kwenye 5, mkono wa mgeni anayerusha hela za kutunza utatosha kuivuta fokasi.

Kuna vitu ambavyo mipangilio haiviondoi. Miwani ya jua inaficha jicho moja kwa moja. Veli nene ina nyuzi zake zenye ukali kuliko jicho lililo nyuma yake, na kipimo kinaweza kushika kitambaa. Fremu nzito ya miwani ya kusomea hufanya hivyo pia. Mwanamke aliyevaa nikabu macho yake yanaonekana vizuri kabisa, lakini programu inazoea kulipata jicho kwa kusaidiwa na pua na mdomo, hivyo usishangae kiboksi kikitulia kwenye kichwa kizima. Na taa za ukumbi zikiwa nyuma ya mtu, uso unabaki giza. Kwa ngozi yetu nyeusi jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu mboni na ngozi inayoizunguka hukaribiana kwa weusi na kamera inakosa tofauti ya kushika. Dawa ni mwanga. Taa ndogo inayowaka muda wote, ikielekezwa usoni kutoka pembeni, inasaidia kuliko kubadili menyu yoyote. Mwako wa flashi hausaidii hapa, maana unawaka baada ya kamera kumaliza kulenga.

Sasa tuseme kiboksi kiko juu ya jicho na bado picha haikutoka kali. Hapo piga hesabu ya unene wa eneo lililo kali. Lenzi ya milimita 85 kwenye f/1.8, mtu akiwa umbali wa mita 2, inakupa takribani sentimita 6 tu, mbele na nyuma ya kipimo kwa pamoja. Bibi harusi akipiga hatua, au wewe mwenyewe ukiyumba kidogo, sentimita hizo zimekwisha. Funga hadi f/2.8 na unene unafika kama sentimita 9, ambazo zinasamehe mengi, kisha pandisha ISO ili kasi ya shata isipungue 1/250. Chembechembe za ISO kubwa mteja hazioni kwenye albamu. Jicho lenye ukungu analiona.

Hesabu hiyo hiyo inakuondolea hofu ya aina nyingine. Mtu akiwa mbali, mita 8 kwa lenzi ile ile kwenye f/1.8, jicho lake ni dogo mno ndani ya picha na kamera huridhika na uso au mwili. Wengi wanaona hapo kamera imeshindwa. Lakini kwa umbali huo eneo kali lina unene wa karibu mita moja, na kichwa chote kimo ndani. Jicho lina haja ya kutafutwa pale tu unapokuwa karibu.

Kwa wanyama, badilisha `Face/Eye Subject` iwe `Animal`, au `Bird` kwa ndege, kwani kamera hii haijichagulii yenyewe. Ikiwa ipo kwenye `Human` na mbele yako yupo paka, haitahangaika kumtafutia macho. Baadhi ya kamera zilizotoka baadaye, kama Canon R6 Mark II ya mwaka 2022, zina uchaguzi wa `Auto`. Kwa A7 IV, ipe kazi hiyo kitufe kimoja cha C ili ubadilishe bila kuondoa jicho kwenye kamera.

Mnyama anatambulika vizuri zaidi macho yake yote mawili na pua vikiwa ndani ya picha. Akigeuka ubavu mtupu, au akiinamisha kichwa kula, programu inapoteza alama zake. Rangi nayo ina neno. Kwazi, yule tai wa ziwani na mitoni, ana kichwa cheupe na jicho jeusi, na kamera humkamata haraka hata akiruka. Kunguru wa Zanzibar aliye juu ya ukuta ana jicho jeusi ndani ya manyoya meusi. Kiboksi kitacheza kati ya mdomo na shingo mpaka jua limpige kwa upande na jicho limetemete.

Tatizo linalowasumbua zaidi waendao Serengeti ni simba majanini. Gari limesimama, simba amelala umbali wa mita 40, na mbele ya lenzi ya milimita 200 hadi 600 kuna majani marefu mita 5 kutoka dirishani. Kamera inashika majani ya karibu, simba anageuka doa la kahawia lisilo na umbo, na tangu hapo hakuna jicho la kutambua. Hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kumpoteza mnyama: fokasi ikienda mbali sana na alipo, programu haina umbo la kulitambua, na bila kutambua haijui pa kurudisha fokasi. Unaweza kubonyeza mara kumi bila kupata kitu.

Utoke hapo hivi. Lenzi ya Sony ya 200-600 ina swichi ubavuni ya kuizuia isitafute kitu kilicho ndani ya mita 10. Iweke hapo, na majani ya karibu hayatashikwa tena. Halafu lenga kwanza kitu kigumu kilicho umbali sawa na simba, kama kichuguu au shina la mti, ndipo uhamie kwake. Sasa umbo linaonekana na kiboksi kinatokea. Unyasi mmoja mmoja uliosimama sentimita 30 mbele ya pua yake usikutie wasiwasi, kwani kwa milimita 600 kwenye f/6.3 eneo kali katika mita 40 lina unene wa zaidi ya mita moja na nusu.

Yakiwa majani mengi kiasi cha kuukata uso vipande, zima `Face/Eye Prior. in AF`, chagua `Spot` ndogo, uiweke mwenyewe kwenye upenyo ambapo jicho linaonekana. Na ikiwa ni saa saba mchana, kiboksi kimetulia juu ya jicho, shata ni 1/1000, na bado kila picha inatoka laini kama imepigwa kupitia maji, acha menyu. Ni joto linalopanda kutoka ardhini na kuupinda mwanga njiani. Sogeza gari karibu ikiwa kanuni za hifadhi zinaruhusu, au mpige picha mnyama mwingine aliye karibu zaidi hadi jua lipungue.